Makadirio ya dawa ya mseto na ahadi ya kiwanda

Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali ya Mbarara, ng'ambo ya mto Rwizi ukitokea Nyamitanga. Wagonjwa 957 wa malaria walipewa Coartem. Baadhi yao walimeza kila dozi mbele ya muuguzi, wengine wakakabidhiwa pakiti waende nayo nyumbani. Waliopona walikaribia asilimia 98 katika makundi yote mawili. Kwa upande wa tiba jambo lilikuwa limekwisha: dawa inaponya hata mgonjwa akijimezea mwenyewe kwake. Shida ilikuwa kuipata, kwa sababu katika kipindi hichohicho dunia nzima ilikuwa na upungufu wa dawa hiyo.

Upungufu huo unastahili kuchambuliwa na kila anayenunua bidhaa kwa kumtumia msambazaji wake makadirio ya robo mwaka, kisha akamwomba amtengee uwezo wa kuzalisha. Makadirio yalikuwepo. Mkataba pia ulikuwepo tangu mwaka 2001, pale kampuni ya Novartis ilipokubaliana na Shirika la Afya Duniani kuuza Coartem bila faida kwa sekta ya umma, na Shirika nalo likachukua jukumu la kukadiria mahitaji. Mwaka 2004 nchi nyingi, Uganda na Kenya zikiwemo, ziliamua kuachana na dawa za zamani ambazo vimelea vilikwisha kuzizoea. Mfuko wa Dunia ukawa tayari kulipia dawa mpya. Mahitaji yakapanda kwa ghafla, na kabla mwaka haujaisha Shirika likatangaza kwamba dawa haitatosha.

Mtu angeweza kudhani kwamba kiwanda kilizembea. Lakini kidonge cha Coartem hakianzii kiwandani, kinaanzia shambani. Artemisinini hutolewa kwenye majani ya artemisia, mmea ambao wakati huo ulilimwa zaidi China na Vietnam. Mbegu ipandwe, majani yavunwe na kukaushwa, artemisinini ikamuliwe, igeuzwe kuwa artemetha, ichanganywe na lumefantrini, ndipo vidonge vipigwe na kupakiwa. Safari hiyo huchukua kama miezi 14 hadi 18. Mashine za vidonge unaweza kuziongeza, na Novartis iliziongeza. Jani ambalo halikupandwa mwaka jana halinunuliki mwaka huu kwa bei yoyote ile. Kwa hiyo makadirio yanayotazama robo moja au mbili mbele yalikuwa yakimfikia mtu ambaye hana tena la kufanya.

Hapo ndipo ninapoona kosa la kwanza la wanunuzi wengi: wanachagua urefu wa makadirio kwa kufuata bajeti yao. Swali la kumuuliza msambazaji kabla ya kuandika tarakimu yoyote ni hili: hatua gani katika kazi yako ni ya polepole kuliko zote, na inachukua miezi mingapi? Makadirio lazima yaipite hatua hiyo kwa urefu.

Kosa la pili lilijitokeza mwaka 2005. Novartis iliongeza uzalishaji, ikaingia mkataba na kampuni ya East African Botanicals ili artemisia ilimwe Kenya, Tanzania na Uganda, lakini maagizo halisi ya mwaka huo yakaja chini sana ya makadirio. Malaria haikuwa imepungua. Makadirio yalihesabu wagonjwa, ilhali maagizo hutoka kwenye fedha: nchi ilisubiri ruzuku ipitishwe, zabuni itangazwe, wahudumu wafundishwe, na akiba ya dawa za zamani imalizike. Mwaka 2006 mambo yakageuka, Novartis ikapeleka dozi kamili milioni 62, wakati mwaka 2004 zilikuwa milioni 4 tu. Bei ya artemisinini, iliyovuka dola 1,000 kwa kilo mwaka 2005, ilishuka chini ya dola 200 kufikia 2007 kwa sababu wengi walikuwa wamekimbilia kulima. Mkulima aliyepanda kwa kuamini makadirio ndiye aliyeumia, na hakuwa na karatasi yoyote ya kumdai mtu.

Basi makadirio mazuri huonyesha pia nani atabeba gharama yakikosewa. Tuchukue mfano wa stoo moja ya Nyamitanga inayohudumia vituo vya Mbarara na vya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Tarakimu ni za kubuni. Mwezi Desemba stoo inaandika robo nne: Januari hadi Machi dozi 9,000, Aprili hadi Juni 12,000, Julai hadi Septemba 10,000, Oktoba hadi Desemba 13,000. Robo ya kwanza ni oda kamili, haibadiliki. Ya pili ina mipaka ya asilimia 20: stoo inaahidi kuchukua si chini ya 9,600, na msambazaji anaahidi kutenga uwezo wa hadi 14,400. Robo mbili za mwisho ni za kumsaidia kununua malighafi, na mkataba useme malighafi hiyo ikikaa bila kutumika inalipwa na nani.

Machi inapofika, orodha inasogea. Robo ya Aprili inakuwa oda kamili, na robo mpya inaongezwa mwishoni. Mvua ikiwa kubwa na stoo ikahitaji 15,000, dozi 14,400 ni haki yake na 600 zilizobaki ni ombi. Ikihitaji 8,000 tu, bado inadaiwa 1,600. Deni hilo ndilo linalomfanya msambazaji aziamini tarakimu na kutenga mashine. Mnunuzi anayeomba atengewe uwezo huku yeye hajajifunga kwa lolote hupewa ahadi ya mdomo, na siku ya upungufu dawa huenda kwa aliyejifunga.

Tarakimu yenyewe nayo husafishwa kwanza. Kama vituo viligawa dozi 9,000 katika robo ya siku 90, lakini dawa ilikosekana siku 18, matumizi halisi hayakuwa 9,000. Gawanya kwa siku 72 ambazo dawa ilikuwepo, zidisha kwa 90, unapata 11,250. Asiyefanya hivyo anaubeba upungufu wa jana na kuuandika kama mahitaji ya kesho. Vilevile usifute makadirio ya zamani. Yaweke kando ya oda zilizotoka kweli. Makosa yakienda huku na huku, hiyo ni kawaida ya kukadiria. Yakiwa juu kila robo, mtu anajaza akiba kimyakimya, na msambazaji akishagundua atakuwa anakukata kabla hujamwomba.

Wakimbizi wapya wanapovuka mpaka kutoka Kongo, hesabu ya robo zilizopita haisaidii kitu. Hapo Coartem ina faida moja ambayo wanunuzi wengi hawaitumii. Kidonge cha kawaida ni kilekile kwa kila uzito: mtoto mdogo anapata 6 kwa siku tatu, anayemfuata 12, kisha 18, na mtu mzima 24. Jumla ya vidonge inakadirika kwa urahisi kuliko mgawanyo wa pakiti. Dozi 10,000 zikiwa 4,000 za wadogo kabisa, 2,000 za wanaofuata, 1,000 za kundi la tatu na 3,000 za watu wazima, ni vidonge 138,000. Jifunge mapema kwa vidonge hivyo, na acha mgawanyo wa pakiti uamuliwe robo inapogeuka kuwa oda kamili, ukishajua watoto waliofika Nakivale ni wangapi. Vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwenye maji haviingii humo, kwa kuwa ni bidhaa tofauti yenye mstari wake wa uzalishaji. Hivyo vinahitaji makadirio yake peke yake.