Mistari Tisa Inayofanana

Kikundi cha kuweka na kukopa kinabadilisha mhazini. Kumbukumbu zote zimo ndani ya programu ya simu ambayo haina kitufe cha kupakua taarifa, na anayeondoka hana njia nyingine ila kupiga picha za skrini: anapiga, anavuta jedwali juu, anapiga tena, mpaka mwisho. Anayepokea anaachiwa picha sita na kazi ya kuzigeuza kuwa orodha moja. Kazi hiyo inaonekana ya karani tu, lakini kuna mahali pamoja ambapo karibu kila mtu hupoteza fedha za wenzake kwenye karatasi, na mahali penyewe hapako kwenye kusoma tarakimu. Pako kwenye kiungo, yaani pale picha moja inapokutana na nyingine.

Jedwali ninalochambua lina mistari 43, na programu yenyewe inasema hivyo juu kabisa, pamoja na jumla ya fedha zilizoingia. Kila mstari una tarehe, aina ya muamala na kiasi. Jina la mwanachama halionekani mpaka uguse mstari, na hilo litatusumbua baadaye. Skrini inaonyesha mistari 10 mizima kwa wakati mmoja. Mhazini alivuta kwa uangalifu, akahakikisha mistari mitatu ya mwisho ya kila picha inarudi juu ya picha inayofuata, kama fundi anavyopandisha bati juu ya bati ili mvua isipenye. Picha ya kwanza ina mstari wa 1 hadi wa 10, ya pili wa 8 hadi wa 17, ya tatu wa 15 hadi wa 24, ya nne wa 22 hadi wa 31, ya tano wa 29 hadi wa 38. Namba hizi nimezipanga mimi ili tufuatane. Kwenye skrini hazimo.

Ya sita ndiyo ya kuangalia. Ukihesabu kwa kufuata desturi ile ile ungetarajia ianze mstari wa 36, lakini jedwali limefika mwisho na haliwezi kusogea zaidi, kwa hiyo skrini inabaki imejaa na picha inaanza mstari wa 34. Mistari iliyopandana hapo ni mitano, si mitatu. Anayekata mistari mitatu ya juu katika kila picha kwa mazoea ataingiza mstari wa 37 na wa 38 mara mbili. Ndiyo maana kiasi cha kupandana hakikadiriwi, kinatafutwa upya katika kila kiungo.

Kabla ya kutafuta, picha lazima zisomwe. Kama zimetumwa WhatsApp kama picha za kawaida zimebanwa, na tarakimu ndogo hupoteza kingo. Zitumwe kama hati. Programu huria ya Tesseract inayo faili ya lugha ya Kiswahili, na kwa jedwali lililokatwa vizuri amri hii inatosha:

```
tesseract picha3.png picha3 -l swa --psm 6
```

Hiyo `--psm 6` inaiambia iichukue picha kama kipande kimoja cha maandishi yaliyopangwa sawasawa. Kata kwanza kichwa cha jedwali kilichoganda juu na vitufe vya chini, maana vinarudi katika kila picha na vitahesabika kama mistari. Kata pia mstari wowote unaogusa ukingo. Mstari uliokatwa nusu ni hatari kuliko mstari usioonekana kabisa: 8 iliyofunikwa upande wa juu husomeka 6, nawe hutashtuka kwa sababu 6,000 ni kiasi cha kawaida. Ukiutupa hupotezi kitu, kwa kuwa utaonekana mzima kwenye picha ya jirani.

Sasa kiungo. Orodha tuliyokwisha kuijenga tuiite a, na mistari ya picha mpya tuiite b. Tunatafuta kila idadi k ambayo mistari k ya mwisho ya a ni sawa na mistari k ya kwanza ya b, kwa mpangilio ule ule:

```python
def kiungo(a, b):
    n = min(len(a), len(b))
    return [k for k in range(1, n + 1)
            if a[-k:] == b[:k]]
```

Wengi huandika kitu kama hiki kisha wakarudisha k kubwa kuliko zote. Mimi nataka orodha nzima ya k zinazokubali, kwa sababu urefu wa orodha hiyo ndio unaoniambia kama kiungo kinaaminika. Kwa picha ya tano na ya sita jibu ni `[5]`, jibu moja tu, na tunaongeza mistari mitano iliyobaki bila wasiwasi. Jibu likiwa tupu, `[]`, ama kuna pengo kati ya picha hizo mbili, ama mstari mmoja umesomwa tofauti mara mbili. Ziangalie picha hizo kwa macho kabla ya kuomba picha nyingine.

Kati ya picha ya tatu na ya nne jibu lilikuwa `[1, 2, 3, 4, 5, 6]`.

Sababu ni siku ya mkutano. Tarehe 12 Mei wanachama tisa walinunua hisa moja moja, na kwa kuwa majina hayaonekani, jedwali lina mistari tisa mfululizo inayosema kitu kile kile: 12/05, Hisa, 5,000. Ni mstari wa 19 hadi wa 27. Juu yake kuna faini ya 1,000, chini yake rejesho la mkopo la 30,000. Picha ya tatu inaishia na hisa sita, picha ya nne inaanza na hisa sita. Ukichukua k kubwa, yaani 6, unaamini ni hisa zile zile sita zilizopigwa picha mara mbili, na kikundi kinapoteza mistari mitatu, shilingi 15,000. Aliyechukua njia ya mkato zaidi, akabandika picha zote sita kwenye Excel na kubonyeza `Remove Duplicates`, amebakiwa na hisa moja kati ya tisa. Shilingi 40,000 zimeyeyuka, na orodha inapendeza kuitazama. Amri ile inafuta mistari inayofanana. Haijui tofauti kati ya muamala mmoja ulioonekana mara mbili na miamala miwili iliyofanana, na hakuna namna ijue, kwa kuwa tofauti hiyo haimo ndani ya mstari. Imo katika nafasi ya mstari.

Kwa hiyo tunatafuta ushahidi wa nafasi. Jedwali hili lilikuwa na rangi za kupishana, mstari mweupe kisha wa kijivu. Mradi rangi inafuata mstari na haifuati skrini, jambo unalolijua kwa kuvuta kidogo na kutazama kama mstari umebaki na rangi yake, rangi ni kipimo cha shufwa na witiri. Mstari wa mwisho wa picha ya tatu ni wa kijivu, na wa kwanza wa picha ya nne pia ni wa kijivu. Mstari ule wa mwisho ndio uleule mstari wa k wa picha ya nne, basi k lazima iwe witiri: 1, 3 au 5. Jibu kubwa, 6, limeanguka kwa rangi peke yake. Ukileta idadi iliyoandikwa juu, k ya 1 inatoa mistari 45, k ya 5 inatoa 41, na k ya 3 inatoa 43.

Jibu limepatikana, ila mimi nisingeishia hapo. Idadi ya 43 ilikuwa shahidi wetu wa mwisho, na sasa tumeitumia kuamua. Haiwezi tena kututhibitishia kwamba viungo vingine vinne viko salama. Tungeweza kuwa tumepoteza mistari miwili kwingine na kuifidia hapa bila kujua. Jumla ya fedha inasaidia kiasi, kwa sababu ni nadra fidia ya namna hiyo ilingane hata kwa shilingi.

Njia safi ni kurudi kwenye simu. Mfululizo wa mistari inayofanana hauna utata pindi picha moja inapoubeba wote pamoja na mistari miwili inayopakana nao. Hapa ni tisa na miwili, yaani kumi na moja, na skrini yetu inabeba kumi. Mhazini alipunguza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya simu, skrini ikabeba 13, akapiga picha moja ya mstari wa 17 hadi wa 29. Kwa kuwa tunalinganisha maandishi na si vidoti vya picha, tofauti ya ukubwa haidhuru. Picha hiyo ikiwekwa katikati, kiungo chake na picha ya tatu kinatoa `[8]`, kwa sababu faini imo ndani. Kiungo cha baada yake na picha ya nne nacho kinatoa `[8]`, kwa sababu rejesho limo ndani. Na ile 43 imerudi kuwa shahidi huru.

Wenye jedwali lenye safu ya salio wana raha zaidi. Kama miamala mipya iko juu, chukua salio la mstari, toa kiasi kilichoingia, na upate salio la mstari wa chini yake. Isipolingana, tofauti yenyewe inataja kosa: mstari mmoja ukiwa umeruka, tofauti ni kiasi cha mstari huo kamili, ukiwa umejirudia, ni kiasi hicho kikiwa hasi.

Simu nyingi zina picha ndefu ya kuvuta, na Android iliiingiza rasmi katika toleo la 12 la mwaka 2021. Naitumia kwa risiti. Kwa hesabu za watu sipendi, kwa sababu huficha ilikounga, na ikikosea kwenye mistari inayofanana huna picha mbili za kulinganisha.

Limebaki kosa ambalo si la kuunga. Programu nyingi hupakia jedwali kwa mafungu, tuseme mistari 20 kwa mara moja. Kama mwanachama analipa wakati unavuta, muamala wake unaingia juu, kila kitu kinashuka hatua moja, na mstari uliokuwa wa 20 unakuja tena kama wa kwanza wa fungu la pili. Hapo mstari umejirudia ndani ya picha moja, na hesabu ya viungo haiwezi kuugundua. Dawa ni kuvuta kwanza mpaka chini kabisa ili mafungu yote yaingie, kisha kurudi juu na kuanza kupiga. Ukimaliza, onyesha upya jedwali na upige tena ile picha ya kwanza. Kama mistari yake kumi haijabadilika, hakuna kilichoingia juu wakati ukipiga. Kama imebadilika, gusa mistari iliyo kwenye mpaka wa fungu na ulinganishe namba za muamala: zikiwa sawa, futa mmoja, zikitofautiana, ni miamala miwili, na yote ibaki.