Shimo la Saa Kumi: Keshi na Floti Kuelekea Mshahara

Siku mishahara inapoingia, mawakala wengi wa pesa kwa simu huanza kurudisha wateja kabla hata ya adhuhuri. Floti imejaa kwenye laini, foleni ipo nje, lakini droo imebaki na noti za elfu moja moja. Wakala akifunga siku hiyo husema mtaji wake ni mdogo, na wiki inayofuata anatafuta mkopo. Mara nyingi hesabu inaonyesha jambo tofauti: mtaji ulitosha, ila saa ile ulikuwa umekaa upande usiotakiwa.

Mtaji wa wakala una pande mbili, keshi ya droo na floti ya laini. Mteja akitoa hela, keshi inapungua na floti inaongezeka kwa kiasi hichohicho. Akiweka, inakuwa kinyume chake. Kamisheni haiingii kwenye hesabu hii, kwa kuwa inakusanywa kando. Kwa hiyo keshi ukijumlisha na floti za laini zote, jibu la jioni lazima lilingane na la asubuhi. Lisipolingana, kuna muamala uliokosewa au mkono uliopita kwenye droo. Na kwa kuwa jumla haibadiliki, kazi yote ya kupanga ni kujua lini upande upi utahitajika, na kuugeuza mtaji kabla ya saa hiyo.

Tuchukue kibanda cha mfano kwenye senta ndogo mkoani Morogoro. Benki iko mjini, mwendo wa saa moja kwa daladala. Wateja wake ni walimu, wauguzi, wenye maduka na vibarua. Mtaji ni milioni 4. Siku za kawaida anafungua na keshi milioni 1.5 na floti milioni 2.5, kwa sababu jioni wenye maduka huja kuweka mauzo ili walipe wauzaji wa jumla, na floti ndiyo inayokwisha.

Mshahara wa serikali, ambao mara nyingi huingia karibu na tarehe 23 au 24, unapindua hali hiyo. Pesa inafika benki, mwalimu anaihamishia kwenye simu, kisha anaitoa hapo kibandani kwa sababu nauli ya kwenda mjini na kurudi ni hasara. Siku hiyo daftari la kibanda linasomeka hivi:

| Muda | Kutoa | Kuweka | Keshi iliyopungua tangu asubuhi |
|---|---|---|---|
| Saa 1 – 3 asubuhi | 900,000 | 100,000 | 800,000 |
| Saa 3 – 6 mchana | 1,400,000 | 300,000 | 1,900,000 |
| Saa 6 – 10 jioni | 900,000 | 700,000 | 2,100,000 |
| Saa 10 – 2 usiku | 500,000 | 1,200,000 | 1,400,000 |

Kutoka kwenye jedwali hili mawakala watatu wanaweza kufanya maamuzi matatu. Wa kwanza anajumlisha safu ya kutoa, anapata milioni 3.7, na anaona hana budi kukopa. Amesahau kwamba keshi ya wanaoweka inaingia kwenye droo ileile na kutoka tena. Wa pili anachukua tofauti ya siku nzima, yaani milioni 1.4, anaona milioni 1.5 yake ya kawaida inatosha, na anafungua bila wasiwasi. Huyu anakaukiwa karibu na saa 5 asubuhi. Hesabu yake ya siku nzima ni sahihi, lakini wateja hawaji kwa wastani wa siku. Wanaotoa wanatangulia, wanaoweka wanafuata jioni.

Wa tatu anaangalia safu ya mwisho na kutafuta namba kubwa kuliko zote. Hapo ni milioni 2.1, saa 10 jioni. Hilo ndilo shimo la siku hiyo, mahali keshi inaposhuka kabisa kabla ya kuanza kupanda. Anayefungua na milioni 2.1 anafika jioni akiwa mtupu lakini hajamrudisha mtu. Akiongeza akiba ya laki nne, kwa ajili ya mteja mmoja mkubwa asiyetarajiwa, anafungua na milioni 2.5. Floti inayobaki ni milioni 1.5, nayo inamtosha kwa kuwa siku hiyo kila anayetoa anamwongezea.

Ukilinganisha na siku za kawaida, mtaji haujaongezeka hata shilingi. Keshi na floti zimebadilishana nafasi tu, na swali linalobaki ni jinsi ya kuhamisha milioni moja kutoka upande wa floti kwenda upande wa keshi.

Njia inayojulikana ni kwenda kwa wakala mkuu, kumrushia floti na kupokea noti. Tatizo ni kwamba tarehe 23 kila wakala wa senta anakwenda kwake na ombi lilelile, na yeye ana droo moja. Njia ya pili ni kupeleka floti kwenye akaunti ya benki na kwenda kuitoa mjini, ambayo ina makato, nauli na kibanda kufungwa asubuhi nzima. Njia ya tatu haigharimu chochote, nayo ni kuacha kununua floti. Kibanda hiki kwa kawaida hukusanya keshi ya wenye maduka na kuipeleka mjini kununua floti mara mbili kwa wiki. Kuanzia tarehe 18 hivi, wakala anaacha safari moja. Keshi inajilimbikiza yenyewe, floti inashuka yenyewe, na tarehe 22 anakuta sehemu kubwa ya ile milioni imo mkononi. Kinachopungua ndicho anachokifuata kwa wakala mkuu, jioni ya mwisho, ili fedha nyingi zisilale nyumbani zaidi ya usiku mmoja.

Hapa kuna mtego mmoja wa wazi. Floti haiko kwenye chungu kimoja. Wakala mwenye laini za M-Pesa, Mixx by Yas na Airtel Money ana floti tatu, na ya laini moja haimsaidii mteja anayetaka kuweka kwenye mtandao mwingine ambao laini yake ya uwakala imekauka. Siku ya mshahara walimu wakitoa zaidi kwenye mtandao mmoja, laini hiyo inafurika huku nyingine ikibaki na elfu arobaini. Jumla inasomeka milioni 2.9, na bado mwenye duka anarudishwa jioni. Kwa hiyo kila laini inapangiwa kiwango chake cha chini kulingana na wanaoweka, na kusawazisha kati ya laini kunafanywa siku za utulivu, kwa sababu kupitia benki kunakula muda ambao tarehe 24 haupo.

Wakala anafunga siku ya mshahara akiwa na keshi milioni 1.1 na floti milioni 2.9. Wengi wakiona hivyo hukimbilia mjini kesho yake kugeuza floti yote iwe keshi. Wanakosea mwelekeo. Noti walizotoa jana ziko mtaani: zimelipa deni la dukani, kodi ya chumba, mchango wa kikoba. Ndani ya siku mbili au tatu zinarudi kibandani zikiwa mikononi mwa wenye maduka na waweka hazina wa vikundi, na hawa wanataka kuweka. Ile floti ya milioni 2.9 ndiyo shehena ya wimbi la pili. Asubuhi ya siku ya pili bado kuna wanaochelewa kutoa, na kwa hao milioni 1.1 inatosha. Baada ya hapo droo inajaa yenyewe, na safari ya mjini inayohitajika ni ya kupeleka keshi kununua floti, si ya kuileta.

Kalenda nayo ina lake. Mshahara ukiingia Ijumaa, shimo la Ijumaa linaunganika na la Jumamosi, kwa sababu mwisho wa wiki dirisha la benki si la kutegemea. Hapo hesabu inafanywa kuanzia Ijumaa asubuhi mpaka saa ya kwanza ambayo keshi inaweza kuongezwa kweli.

Siku za utulivu, kati ya tarehe 8 na 18, swali linageuka. Wateja ni wa elfu tano na elfu kumi, na mtaji wa milioni 4 kibandani unamvutia mwizi bila kuleta muamala wa ziada. Wakala anaweza kubaki na keshi laki nane na floti milioni moja na nusu, iliyobaki ikae benki. Kiwango hicho cha chini hakipangwi kwa wastani wa siku. Kinapangwa kwa mteja mmoja mkubwa: michango ya msiba ya laki saba, au mtu anayetoa fedha za kulaza mgonjwa. Akiambiwa atoe kwa mafungu mtandao ukimkata kila mara, atalipa ada kubwa kuliko alivyopaswa, na mitandao hairuhusu mawakala kugawa muamala hivyo. Akirudishwa, kesho anaanzia kwa jirani.

Mpango wote huu unategemea daftari, na daftari la kawaida lina upungufu. Mtandao unarekodi muamala uliokamilika tu. Mteja aliyeambiwa "keshi imeisha" haonekani popote. Wakala aliyekauka saa 5 akitumia taarifa za laini kupangia mwezi ujao, ataona kutoa kulikoma saa 5 na ataamini shimo lake ni dogo. Dawa ni kurasa mbili nyuma ya daftari: kila aliyerudishwa anaandikwa saa, kiasi, mtandao, na kama alitaka kutoa au kuweka. Miezi mitatu ya kurasa hizo inaonyesha shimo halisi kuliko taarifa yoyote ya mtandao.

Mpango una mipaka. Mshahara ukichelewa siku mbili, keshi milioni 2.5 inakaa bure huku wenye maduka wakikosa floti, ndiyo maana fungu la mwisho haligeuzwi mpaka jioni ya mwisho. Na tarehe si sheria ya kila mahali. Kwa wakala wa Lindi au Mtwara, malipo ya korosho baada ya minada inayoanza Oktoba yanaweza kuwa mazito kuliko mshahara wowote.

Sasa swali la mkopo linajibika. Ondoa kwenye mtaji wote floti ya lazima kwa kila laini, kisha linganisha kinachobaki na shimo pamoja na akiba yake. Kwenye kibanda chetu, milioni 4 ukitoa floti milioni 1.5 inabaki milioni 2.5, na hitaji ni milioni 2.5 hiyohiyo. Hakuna sababu ya kukopa. Daftari la waliorudishwa likionyesha shimo limefika milioni 3, hapo ndipo pengo ni la kweli, na bado ni la saa chache kati ya asubuhi na jioni ya siku moja. Pengo la namna hiyo linazibwa kwa makubaliano ya siku moja na wakala mkuu au na mwenye duka wa jirani, anayetoa keshi asubuhi na kupokea floti papo hapo. Mkopo wa miezi sita wenye riba unalipia siku nyingi ambazo fedha hiyo haina kazi.