Shingo Mbili na Mlango Uliofungwa: Jinsi Hotuba ya Kabaya Ilivyojengwa

Hapa Cyanzarwe, mpakani na Kongo, redio ya Goma inasikika vizuri kama ya Rubavu, na maneno ya siasa huvuka mpaka bila kuonyesha kitambulisho. Msikilizaji wa eneo hili ana sababu ya kujua hotuba inavyomfikisha mtu mahali anapoamini kwamba amebakiwa na njia mbili tu. Mfano ulio wazi kuliko yote hauko mbali. Ulitolewa Kabaya, katika iliyokuwa prefekta ya Gisenyi, tarehe 22 Novemba 1992. Leo Kabaya iko wilayani Ngororero.

Msemaji alikuwa Léon Mugesera, msomi wa lugha na makamu mwenyekiti wa chama tawala cha MRND katika prefekta hiyo. Alihutubia mkutano wa chama kwa Kinyarwanda, na hotuba ikarekodiwa kwenye kaseti. Sentensi yake inayokumbukwa zaidi iko karibu na mwisho: usiyemkata shingo leo, ndiye atakayekukata wewe.

Tuanze na sentensi hiyo, kwa sababu mtambo mzima umo ndani yake. Inazungumzia mambo mawili: kama wewe utaua, na kama yeye ataua. Kila jambo lina ndiyo na hapana, kwa hiyo matokeo yanayowezekana ni manne. Wewe unaua na yeye haui. Yeye anaua na wewe huui. Mnauana wote. Hakuna anayeua. Katika sentensi hiyo Mugesera aliwapa wasikilizaji mawili ya kwanza na kunyamazia mawili ya mwisho. Kunyamazia kuuana kulifanya kuua kuonekane kuwa usalama, ilhali mtu anayeanza kuchinja hana hakika yoyote kwamba atapona. Kunyamazia lile la nne ndiko kulikobeba uzito wa hotuba, kwa kuwa wakati huohuo lilikuwa likijadiliwa mezani.

Tazama kalenda. Vita kati ya serikali na RPF-Inkotanyi vilianza tarehe 1 Oktoba 1990. Julai 1992 pande zote mbili zilikubaliana kusitisha mapigano, mkataba ukiwekwa saini Arusha. Agosti ukafuata waraka kuhusu utawala wa sheria, na tarehe 30 Oktoba, wiki tatu tu kabla ya Kabaya, sehemu ya kwanza ya makubaliano ya kugawana madaraka. Ujumbe wa serikali uliongozwa na waziri wa mambo ya nje, Boniface Ngulinzira, kutoka chama cha upinzani cha MDR. Kigali kulikuwa na serikali ya mseto chini ya waziri mkuu Dismas Nsengiyaremye. Wakati mkutano wa Kabaya ulipofanyika, basi, njia ya kutouana ilikuwa na tarehe, na saini, na mawaziri waliokuwa wakisafiri kwa ajili yake.

Msemaji anayetaka kuacha njia mbili tu hawezi kukaa kimya katika hotuba nzima kuhusu njia nyingine ikiwa wasikilizaji wake wanaisikia redioni kila wiki. Analazimika kuitaja ili aichafue. Ndiyo maana mchambuzi anayetafuta yaliyoachwa nje hapaswi kuanza kwa kubuni mapendekezo yake mwenyewe. Asome kwanza matusi ya hotuba. Kabaya, Mugesera aliuambia umati kwamba wanaokwenda Arusha hawaiwakilishi Rwanda, kwamba ni maadui wanaozungumza na maadui wenzao. Waziri mkuu alimwita msaliti anayestahili kushtakiwa. Kila aliyetukanwa alikuwa ameshikilia ufunguo wa mlango ambao hotuba ilitaka kuufunga. Orodha ya waliotukanwa ndiyo orodha ya njia mbadala, na msemaji ameiandika mwenyewe.

Mlango wa pili ulikuwa mahakama, na hapa ufundi wake unanishangaza zaidi. Mugesera hakuikana sheria, aliinukuu. Alisema sheria ya jinai inawaadhibu wanaopeleka vijana kujiunga na adui, akauliza kwa nini wazazi wao hawajakamatwa. Hadi hapo mtu angeweza kumjibu kwa sheria. Kisha akaongeza sharti: ikiwa vyombo vya haki havifanyi kazi yao, wananchi wajifanyie wenyewe. Kwa hatua hiyo mahakama ilitajwa ili ihesabiwe kuwa imeshindwa kabla ya kesi yoyote kufunguliwa. Umati ukabaki na uamuzi wa aina moja, tena wa kutekelezwa na watu wasio na cheo wala utaratibu.

Mlango huo haukuwa umefungwa kweli, na mambo yaliyofuata yanaonyesha. Siku chache baadaye waziri wa sheria, Stanislas Mbonampeka wa chama cha PL, aliagiza Mugesera akamatwe kwa uchochezi. Mugesera alijificha, akatoroka nchi, na mwaka 1993 akafika Kanada. Mbonampeka alijiuzulu. Sheria ilikuwepo na ilijaribiwa. Ilichokosa ni nguvu ya kumfikia mtu aliyelindwa, na huo ni udhaifu wa aina nyingine kabisa na ule uliohubiriwa Kabaya.

Bado kuna kiungo kimoja, nacho ndicho hupita bila kusikika: huyu mwenye shingo ni nani? Mwanajeshi anayekulenga bunduki ni adui kweli, na mbele yake njia huenda zikawa mbili tu. Familia zilizofurushwa na vita kaskazini hazikuhitaji kufundishwa hofu. Hotuba ilichukua hofu hiyo ya kweli na kuihamisha. Ilianza na askari wa mstari wa mbele, ikaendelea kwa wanaodaiwa kumsaidia, ikafika kwa wazazi na kwa jirani Mtutsi, ambaye msemaji alidai kwao ni Ethiopia na kwamba atarudishwa huko kwa njia ya mto Nyabarongo. Mtanziko uliokuwa wa kweli kwenye handaki ukawa wa uongo kwenye ua wa jirani, na neno la kumtaja adui halikubadilika njiani. Kuupima, andika jina la mtu unayemjua mahali pa neno “yeye”, kisha usome sentensi tena. Isipokubalika, uliza ni katika aya gani maana ilipanuliwa.

Uchambuzi huu wa sentensi moja una mtego wake. Ripoti ya tume ya kimataifa ya uchunguzi ya mwaka 1993 ilinukuu vipande vya hotuba, na mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Kanada iliilaumu kwa namna ilivyovikata na kuvipanga. Majaji hao walimsoma Mugesera kama mtu aliyewahimiza watu wapige kura na wajihami. Anayekata kipande kibaya zaidi na kukitupa mezani humpa mtetezi nafasi ya kusema kwamba maneno yamepotoshwa. Mahakama ya Juu ya Kanada, tarehe 28 Juni 2005, ilirudi kwenye hotuba nzima, tafsiri yake na hali ya nchi wakati ule, ikaona wito wa kujihami na wito wa kuua vikifuatana katika mtiririko mmoja, na ikaamua kwamba ilikuwa uchochezi wa mauaji, wa chuki na wa mauaji ya kimbari. Mugesera alirejeshwa Rwanda Januari 2012, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Ngulinzira, aliyekuwa amekwenda Arusha kuutafuta uwezekano wa nne, aliuawa Kigali Aprili 1994, siku za mwanzo za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.