Mpango wa Jibu Unaomwona Msimulizi

Wape wanafunzi wa kidato cha nne wanaojisomea jioni hapa Mabawa swali hili: "Jadili nafasi ya msimulizi katika hadithi fupi moja uliyoisoma." Wengi watakuandikia mpango wa hoja tatu: msimulizi anasimulia matukio, anawatambulisha wahusika, anatoa ujumbe. Mpango huo unapendeza kuutazama, hauna kosa la lugha, lakini haufai. Hata mtu asiyewahi kuifungua hadithi yenyewe angeweza kuuandika.

Kuna jaribio moja ninalolitumia kupima mpango wa jibu hili. Mwondoe msimulizi aliyepo, mweke mwingine, kisha isome hoja upya. Ikibaki imara kama ilivyokuwa, basi ilihusu dhamira au wahusika, si msimulizi. Ikianguka, mwanafunzi ameshika kitu.

Tuchukue "The Rain Came" ya Grace Ogot wa Kenya, iliyomo katika mkusanyo wake *Land Without Thunder* wa 1968. Nchi imekauka. Mganga Ndithi ameleta habari kwamba mvua haitanyesha mpaka msichana atolewe kafara kwa dubwana la ziwani, na anayetakiwa ni Oganda, binti pekee wa mtemi Labong'o. Hadithi inasimuliwa kwa nafsi ya tatu, na msimulizi ana uwezo wa kuingia katika fikra za baba, kisha za binti.

Hoja ya kwanza yenye uzito inatoka hapo hapo. Msimulizi anatupitisha kwanza kwenye uchungu wa mtemi, tukaijua hukumu. Baadaye ndipo anatupeleka alipo Oganda, ambaye anasikia wakubwa wakinong'onezana na kudhani kwamba wanamtafutia mume. Anawapitisha vijana mmoja mmoja akilini, akijiuliza nani atakuwa wake. Sisi tunajua, yeye hajui, na furaha yake inatuumiza. Sasa mweke Oganda asimulie mwenyewe kwa "mimi", jambo baada ya jambo kama lilivyompata. Tungekisia harusi pamoja naye, na maumivu yale yasingekuwapo. Hoja imeanguka, kwa hiyo ni ya msimulizi kweli. Katika mpango iandikwe kwa sentensi moja yenye mambo matatu: msimulizi amefanya nini, wapi katika hadithi, na msomaji amepatwa na nini. Likikosekana la tatu, kinachobaki ni muhtasari.

Hapa ndipo wengi wetu wa pwani tunapoteleza. Tumekua na paukwa na pakawa, na ukituuliza kuhusu hadithi, ulimi unakwenda kuisimulia. Utaona mpango umejaa "halafu" na "ndipo". Msahihishaji akiyaona maneno hayo mwanzoni mwa kila hoja, anajua aya zitakuwa masimulizi matupu.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi, na ndiyo inayonipendeza. Oganda anapokwenda peke yake ziwani, msimulizi yule yule aliyekuwa akijua siri za watu anajibana. Tunabaki na macho na masikio ya Oganda tu. Kuna kitu kinamfuata, hajui ni nini, nasi hatuambiwi, mpaka anaposhikwa na kugundua kwamba ni Osinda, kijana anayempenda. Mwanafunzi anayeandika "msimulizi anajua kila kitu" kisha akatulia hapo ameacha nusu ya kazi, kwa sababu anayejua anaweza pia kuchagua kutosema. Mpango bora unaonyesha mahali msimulizi anapobadilisha umbali wake na wahusika.

Kosa la kumchanganya msimulizi na mwandishi nalitaja kwa ufupi. Sauti ya hadithi hii haina jina. Ukiandika "Ogot anamhurumia mtemi", unazungumzia mtu aliyezaliwa 1930. Ukiandika "msimulizi anakaa karibu na mtemi", unazungumzia mbinu, na ndilo swali.

Hoja ya tatu ni mwisho. Osinda anamvisha Oganda vazi la majani ili wajifiche wasionwe na mababu, wanakimbia, na mvua inanyesha. Kafara haikutolewa. Je, mababu wamedanganyika, wamesamehe, au mvua haikuwa na habari nao kamwe? Msimulizi anaieleza radi na mvua, basi. Mpango dhaifu hujaza pengo hilo kwa "funzo ni kwamba mila potofu ziachwe". Mpango hodari huandika kwamba ukimya huo unamwachia msomaji uamuzi, kisha huutetea kwa kujaribu kinyume chake: Ndithi akifunga hadithi, mvua ni rehema ya mababu, Osinda akiifunga, ni ushahidi dhidi yao.

Kwa mpangilio huu, utangulizi unahitaji dai moja tu, kwa mfano: "Msimulizi anagawa maarifa kwa zamu: anampa msomaji mengi kuliko Oganda, kisha sawa naye, na mwishoni anamnyima jibu."