Taulo ya Mgeni na Lugha ya Mwenyeji

Katika vyumba vya hoteli nyingi siku hizi huwekwa kadi ndogo karibu na beseni la kunawia, kumwomba mgeni asitake taulo mpya kila siku, ili maji ya kufulia yapungue. Aghalabu kadi hizi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hutiwa katika Kiswahili. Nia yake ni njema, lakini tafsiri nyingine humfanya mwenyeji asikike kama msimamizi wa shamba. Natutazame moja iliyo ya namna ya kawaida:

“Okoa dunia! Tumia tena taulo zako. Taulo iliyotundikwa: nitaitumia tena. Taulo iliyo sakafuni: badilisha.”

Kila neno hapa ni la Kiswahili, walakini adabu haimo. Amri mbili zatangulia, na salamu haipo. Wazee walisema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kadi hii yampa jembe mlangoni. Mfasiri hudhani ya kuwa akitia “tafadhali” amelimaliza jambo. La, “tafadhali tumia” ni amri ile ile iliyovikwa kanzu. Dawa imo katika kitenzi chenyewe: “twaomba uitumie.” Ile u ndogo iliyo mbele, pamoja na e ya mwisho, huigeuza amri kuwa ombi.

Wengine hukimbilia “Unaombwa kutumia.” Hili nalo halifai, kwani mwombaji amejificha. Ndivyo zisemavyo karatasi zinazobandikwa ukutani mwa ofisi, na msomaji huona baridi. Mwenyeji aseme “twaomba,” ili ajulikane kuwa ndiye aombaye.

Kosa lililojificha zaidi li katika “badilisha.” Hapo anayesema ni mgeni, na anayeambiwa ni mtumishi wa chumba. Basi kadi yamfundisha mgeni kumwamuru mtu ambaye hata hajaonana naye. Tena yamwambia atupe taulo chini, mwingine aje ainame kuiokota. Kwa watu wetu jambo hili lina harufu ya dharau. Yafaa liwekwe kapu, na kadi ilitaje hilo kapu.

Tuje sasa kwenye sababu. “Okoa dunia” ni mzigo mkubwa mno kwa taulo moja, na mgeni hushuku kwamba mwenye hoteli aokoa sabuni yake tu. Sababu iliyo karibu huaminika zaidi. Tuchukue pwani ya mashariki ya Unguja. Maji matamu ya huko ni ya mvua iliyopenya katika mwamba wa matumbawe, nayo huelea juu ya maji ya chumvi. Yakitekwa kupita kiasi, chumvi hupanda na kuingia visimani, na visima hivyo hutegemewa na wanakijiji pia. Hoteli ya huko ikitaja kisima, mgeni huelewa mara moja.

Liko na neno lingine lenye nguvu, nalo ni mfano wa wenzetu. Mwaka 2008 Goldstein, Cialdini na Griskevicius walitangaza majaribio yaliyofanywa katika hoteli moja ya Amerika. Wageni walioombwa kwa ajili ya mazingira tu, 35 hivi katika 100 walikubali. Walioambiwa kwamba wageni wengi hufanya hivyo, 44 hivi. Lakini majaribio yaliyofanywa Ujerumani na kutangazwa mwaka 2014 hayakuonyesha faida hiyo, kwa hiyo tusilifanye neno hili kuwa hirizi. Tena hoteli isiyohesabu taulo zake isiseme “wageni wengi,” maana itakuwa yasema uwongo kwa lugha nzuri.

Kwa hoteli ya Unguja iliyo na kisima chake ningeandika hivi:

“Karibu, mgeni wetu. Maji ya kisima chetu ni machache, nasi twayatumia pamoja na majirani. Taulo yako ikiwa yakufaa bado, twaomba uitundike, nasi tutaiacha. Ukipenda nyingine, uiweke kapuni, nasi tutakuletea. Ahsante.”

Mgeni aona njia zote mbili zi wazi, wala hakuna inayomwaibisha. Neno “chafu” halimo, wala “usi-” ya kukataza. Atakaye kuipima kadi yake na amsomee mzee kwa sauti, kana kwamba asema naye mlangoni. Mzee akiuliza, “Nimekosa nini?” basi iandikwe upya.

Lakini kadi haifanyi kazi peke yake. Mtumishi asipoambiwa, akaondoa taulo iliyotundikwa, ile “tutaiacha” imekuwa ahadi iliyovunjwa, na kesho yake mgeni hatundiki tena.