Kufupisha Ikisiri Bila Kupoteza Mbinu na Matokeo

Ikisiri ni muhtasari unaotangulia makala ya kitaaluma, na majarida mengi huiwekea kikomo cha maneno kati ya 150 na 250. Inapozidi kikomo hicho kwa mbali, waandishi wengi hupunguza neno moja hapa na jingine pale katika kila sentensi, ilhali ziada aghalabu imelundikana mahali pamoja. Uchambuzi huu unafuatilia ufupishaji wa ikisiri moja, iliyotungwa kwa ajili ya mfano pamoja na takwimu zake, ya makala kuhusu lugha ya mabango ya biashara. Ina maneno 380 na kikomo chake ni 200.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu maneno kwa kufuata kazi ya kila sentensi. Katika ikisiri hiyo, usuli, yaani maelezo ya hali iliyozaa utafiti, ulichukua maneno 172, lengo 48, mbinu 71, matokeo 45 na hitimisho 44. Hesabu hii inaonesha kwamba msomaji anapitia zaidi ya nusu ya ikisiri kabla ya kujua kilichofanyika, na kwamba matokeo, ambayo ndiyo anayoyatafuta, yamepewa nafasi finyu kuliko mbinu. Kwa hiyo mgawanyo mpya ulipangwa kabla ya kufuta chochote: maneno 25 kwa usuli, 25 kwa lengo, 45 kwa mbinu, 75 kwa matokeo na 25 kwa hitimisho, jumla 195.

Usuli ulipunguzwa kwa kuondoa sentensi nzima nzima. Historia ya nadharia, majina ya watafiti waliotangulia na maelezo ya namna makala yalivyogawanywa katika sehemu yote yalifutwa, kwa kuwa yana mahali pake katika utangulizi. Ikabaki sentensi moja inayotaja pengo ambalo utafiti ulikusudia kuliziba. Jina la nadharia lilihamishiwa kwenye mbinu, kwa sababu ndiyo iliyoongoza uainishaji wa data. Kama isingekuwa na kazi hiyo, nalo lingeondolewa.

Sehemu ya mbinu ilihitaji kuandikwa upya. Sentensi yake kuu, yenye maneno 41, ilisomeka hivi: "Data za utafiti huu zilikusanywa kwa kutumia mbinu ya usaili ambao ulifanywa na mtafiti kwa wafanyabiashara 40 ambao walichaguliwa kwa kutumia mbinu ya usampulishaji lengwa katika soko kuu la mji huo, na baada ya hapo data hizo zilifanyiwa uchanganuzi wa kimaudhui." Ilibadilishwa ikawa na maneno 15: "Wafanyabiashara 40 wa soko kuu, waliochaguliwa kwa usampulishaji lengwa, walisailiwa, na majibu yao yakachanganuliwa kimaudhui." Idadi ya wasailiwa, mahali, namna ya kuwateua (usampulishaji lengwa ni uteuzi wa watu wenye sifa zinazohitajika na utafiti) na namna ya uchanganuzi vyote vimesalia. Kilichotoka ni maneno kama "kwa kutumia mbinu ya", pamoja na "ambao walichaguliwa", ambayo Kiswahili huyabeba katika neno moja, "waliochaguliwa".

Matokeo yalikuwa na kasoro tofauti, kwani sentensi yake ya kwanza, yenye maneno 24, haikusema lolote: "Matokeo ya utafiti yanaonesha kuwa kuna sababu mbalimbali zinazowafanya wafanyabiashara wachague lugha ya mabango yao, na sababu hizo zimejadiliwa kwa kina katika makala haya." Mahali pake paliwekwa maneno 22: "Kati yao, 26 walichagua lugha kwa kuwalenga wateja na 9 kwa kufuata mabango ya jirani; gharama ya uchapaji ilitajwa na 5 tu." Urefu haukupungua sana, lakini sasa msomaji anajua kilichogunduliwa na uzito wa kila sababu.

Hatari ya ufupishaji huu ni kufuta maneno yanayoweka mipaka ya dai. Hitimisho likisema "wafanyabiashara huchagua lugha kwa kuwalenga wateja", bila kutaja soko moja lililochunguzwa, sampuli ya watu 40 inageuzwa kuwa kauli juu ya wafanyabiashara wote. Kadhalika, majarida mengine hudai ikisiri ya Kiingereza pamoja na ya Kiswahili, na kwa kuwa Kiingereza hutenganisha viambishi vingi kuwa maneno, tafsiri inaweza kuvuka kikomo hata kama ya Kiswahili imetosha. Hivyo kila moja ihesabiwe peke yake.

Kabla ya kuiwasilisha ikisiri, mwandishi ampe mtu ambaye hajasoma makala, kisha amuulize nani walichunguzwa, wangapi, kwa njia gani, na nini kiligunduliwa. Jibu lolote likikosekana, ikisiri hiyo bado haijakamilika, hata kama idadi ya maneno imetimia.