Kulihoji Jibu la Zao la Nukta

Anayetafuta pembe kati ya vekta mbili hupita hatua tatu. Kwanza huzidisha namba zinazolingana na kujumlisha, akapata zao la nukta. Pili hutafuta urefu wa kila vekta. Mwisho huligawanya zao hilo kwa urefu wa vekta ya kwanza mara urefu wa ya pili, akapata kosaini, na kikokotoo humpa pembe. Shida ni kwamba kikokotoo hakijui ulichokusudia. Alama ya hasi ikidondoka njiani, bado kitatoa pembe, tena yenye desimali zake zote, isiyo na dalili yoyote ya kasoro. Kwa hiyo ufundi ninaousifu hapa ni ule unaoanza pale wengi wanapoweka kalamu chini: kulihoji jibu mpaka lijieleze.

Tuchukue vekta mbili, a = (2, −1, 3) na b = (−4, 1, 2). Mwanafunzi mmoja anaandika 8 − 1 + 6 = 13. Mwenzake anaandika −8 − 1 + 6 = −3. Urefu wa a ni kipeuo cha pili cha 14, na wa b ni kipeuo cha pili cha 21. Ukivizidisha unapata kipeuo cha pili cha 294, yaani takriban 17.15. Wa kwanza anapata kosaini 0.758 na pembe ya nyuzi 40.7. Wa pili anapata kosaini −0.175 na pembe ya nyuzi 100.1. Wote wawili wamekubaliana kuhusu urefu, kwa sababu −4 na 4 zina kipeo cha pili kilekile. Urefu hauwezi kumfichua aliyepoteza hasi.

Kipimo cha kwanza kinachowajia wengi ni ukomo. Zao la nukta, likiwa chanya au hasi, haliwezi kupita urefu wa vekta hizo mbili uliozidishwa. Ni ukweli ambao Cauchy aliuchapisha mwaka 1821 kwa lugha ya majumlisho. Mtu akipata 19 hapa, asiendelee, kwa maana 19 imepita 17.15 na hakuna pembe yenye kosaini kubwa kuliko 1. Lakini 13 inapita salama. Ukomo hukamata makosa makubwa tu. Jibu lililo ndani ya mipaka linaweza kuwa si kweli.

Kipimo cha pili kinahitaji macho kuliko kikokotoo. Tazama namba moja moja. Kwenye mhimili wa kwanza vekta hizi zinapingana, moja inakwenda 2 na nyingine −4, na upinzani huo una thamani ya 8. Kwenye wa pili zinapingana tena, kwa 1. Kwenye wa tatu zinakubaliana, kwa 6. Upinzani ni 9, makubaliano ni 6, kwa hiyo upinzani umeshinda kwa 3. Zao hasi maana yake pembe ni butu. Nayo ni butu kiasi gani? Hiyo 3 ni chini kidogo ya sehemu moja ya tano ya 17. Karibu na pembe mraba, kila 0.1 ya kosaini ni sawa na takriban nyuzi 6, basi 0.175 inatupeleka kama nyuzi 10 kupita 90. Tumefika kwenye 100 kabla ya kugusa kitufe. Kikokotoo kikisema 100.1, kinathibitisha tulichokwisha kukijua. Kikisema 1.75, hatuhangaiki: zao hasi haliwezi kutoa pembe finyu ya chini ya nyuzi mbili, kwa hiyo kimewekwa kwenye radiani.

Kipimo cha tatu ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa kuwa kinafika kwenye jibu kwa mlango mwingine kabisa. Weka mikia ya vekta zote mbili mahali pamoja, kisha pima umbali kati ya ncha zake. Ukitoa b kutoka a unapata (6, −2, 1), na kipeo cha pili cha urefu wake ni 36 + 4 + 1 = 41. Kama pembe ingekuwa mraba, Pithagora angetaka 14 + 21 = 35. Kwa kuwa 41 imezidi 35, ncha zimeachana kuliko zinavyoachana kwenye pembe mraba, na pembe ni butu. Ziada hiyo ya 6 ni mara mbili ya zao la nukta, alama ikiwa imegeuzwa: zao ni −3. Euklidi alieleza jambo hili katika kitabu cha pili cha Elementi, kwa maumbo ya miraba, karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuandika vekta.

Sasa mrudie mwanafunzi wa kwanza. Kama zao lingekuwa 13, kipeo cha pili cha umbali kati ya ncha kingekuwa 35 − 26 = 9, na umbali wenyewe 3. Lakini kwenye mhimili wa kwanza peke yake, kutoka 2 hadi −4, ncha hizo zimeachana kwa 6. Vitu vilivyotengana kwa 6 upande mmoja haviwezi kuwa na umbali wa 3. Pembe ya nyuzi 40.7 imeanguka, na kilichoiangusha ni hesabu ya kichwani.

Hata hivyo kila kipimo kina mpaka wake. Ikiwa mwanafunzi huyo alinakili swali vibaya tangu mwanzo, akaandika b = (4, 1, 2), basi tofauti yake itakuwa (−2, −2, 1), kipeo cha pili cha urefu wake kitakuwa 9, na kila kitu kitakubaliana na 13. Hesabu itakuwa sahihi kwa swali ambalo hakuulizwa. Dawa ya hapo ni moja tu: kurudi kwenye karatasi ya swali na kusoma namba upya, alama kwa alama.

Mpaka mwingine uko kwenye pembe ndogo sana. Chukua (1, 2, 3) na (2, 4, 6), ambazo ni sambamba. Zao lake ni 28, na urefu uliozidishwa ni 28 kamili, hivyo kosaini ni 1 na pembe ni 0. Aliyekadiria urefu mapema kuwa 3.74 na 7.48 atapata 27.98 na kosaini inayozidi 1 kidogo, na kikokotoo kitakataa. Hata kisipokataa, kosaini ya 0.9998 ni nyuzi 1.15 na ya 0.9999 ni nyuzi 0.81, tarakimu moja ya mwisho inahamisha theluthi nzima ya nyuzi. Kwa hiyo acha vipeuo kama vilivyo mpaka mwisho, na pembe ndogo usiipe desimali ambazo makadirio yako hayawezi kuzibeba.

Basi, msomaji, ukishapata zao la nukta usilikokotoe tena kwa njia ileile, kwa maana jicho lililoiruka hasi mara ya kwanza litairuka tena. Kadiria pembe kabla ya kubonyeza, toa vekta moja kutoka nyingine, linganisha na Pithagora, kisha soma swali upya. Pembe iliyofikiwa kwa njia mbili zisizotegemeana ndiyo inayostahili kupigiwa mstari.